Kutoka Malengo hadi Mapendekezo: Muundo wa Ripoti ya Mwisho ya Mafunzo kwa Vitendo

Hotuba kwa wanafunzi waliorejea kutoka vituo vya mafunzo kwa vitendo, Dodoma

Ndugu wanafunzi, wahadhiri wenzangu, na wasimamizi mliotoka katika ofisi za hapa jijini Dodoma na katika wilaya za mkoa wetu, nawasalimu nyote. Kwa kuwa itifaki imekwisha kuzingatiwa, naomba niingie moja kwa moja katika jambo nililoombwa kulizungumzia, yaani muundo wa ripoti ya mwisho ya mafunzo kwa vitendo. Mmerudi kutoka vituoni na madaftari ya kumbukumbu za kila siku yaliyojaa sahihi na mihuri, na sasa mnatakiwa kuandika ripoti ambayo mtu asiyewahi kufika kituoni kwenu ataisoma na kuelewa mlikwenda kufanya nini, mlifanya nini, mlitoka na nini, na mnashauri nini.

Kurasa za mwanzo hazitanichukulia muda. Jalada, tamko, shukrani, yaliyomo na orodha ya vifupisho vimeelezwa katika mwongozo ambao kila chuo huwapa wanafunzi wake, na anayeufuata mwongozo hapotezi alama hapo. Maelezo ya kituo nayo yasizidi kurasa mbili. Msomaji anahitaji kujua ofisi inashughulika na nini, idara uliyopangiwa inaripoti kwa nani, na wewe ulikaa wapi katika mpangilio huo. Dira na dhima zilizonakiliwa kutoka ubaoni pale mapokezi hazimwambii lolote kuhusu kazi yako. Moyo wa ripoti uko katika sehemu nne zinazofuata, nazo ni malengo, shughuli zilizofanyika, mambo yaliyojifunzwa na mapendekezo. Sehemu hizo zinafungamana, na hapo ndipo ripoti nyingi zinapolegea.

Wengi wetu tunaosahihisha hatuanzi ukurasa wa kwanza. Tunafungua mapendekezo, tunachukua moja, kisha tunarudi nyuma kutafuta lilikotoka: ni jambo gani lililoonekana kazini ndilo lililolizaa, lilionekana katika shughuli ipi, na shughuli hiyo ilikuwa inatimiza lengo lipi. Pendekezo likikosa mzazi ndani ya ripoti, tunajua mwandishi ameliokota njiani. Na lengo lililotajwa mwanzoni kisha lisisikike tena hadi mwisho, hilo nalo linahesabiwa.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga mfano mmoja ambao tutaufuata tangu mwanzo hadi mwisho. Takwimu zake ni zangu, lakini hakuna kipande chake ambacho ni kigeni kwa mtu aliyefanya kazi na skimu za maji vijijini. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji amepangiwa wiki nane katika ofisi ya maji ya wilaya moja ya mkoa huu, kuanzia katikati ya Julai. Ofisi inamkabidhi kwa skimu ya kijiji kimoja inayoendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Skimu hiyo ina kisima kirefu chenye pampu na dira kuu, tangi la duara lenye uwezo wa kuhifadhi lita 49,000 hivi, bomba kuu linaloshuka kijijini, na vilula 12, kila kimoja na dira yake na mhudumu wake anayeuza maji kwa ndoo. Nyumba hazijaunganishwa. Malalamiko ya chombo ni kwamba pampu inakula umeme kila mwezi lakini makusanyo hayatoshi kuulipia.

Mwanafunzi huyo, kama wengi wenu, aliandika lengo lake la kwanza hivi: kujifunza namna ofisi ya maji inavyofanya kazi. Lengo hilo halina kosa la sarufi wala la adabu, ila halipimiki. Hakuna siku ambayo yeye au msimamizi wake angeweza kusema limetimia au halikutimia, kwa hiyo hakuna shughuli ambayo lingeweza kuidai. Baada ya wiki ya kwanza, alipokuwa amekwisha kuiona skimu na kuyasikia malalamiko, alikaa na msimamizi wake wakaliandika upya: kupima, kwa muda wa wiki nne, kiasi cha maji kinachozalishwa kisimani na kiasi kinachouzwa katika vilula, na kueleza sababu za tofauti itakayoonekana. Hapa kuna kitenzi kinachoweza kuthibitishwa, kuna kitu kinachopimwa, kuna mahali na kuna muda. Malengo matatu au manne ya namna hii yanatosha kabisa kwa wiki nane, na naomba msione haya kueleza ndani ya ripoti kwamba lengo lilirekebishwa katika wiki ya pili kwa makubaliano na msimamizi. Anayeficha marekebisho hayo hubaki na malengo ya ukurasa wa tatu yasiyofanana na kazi ya ukurasa wa kumi.

Tuje kwenye shughuli. Kishawishi kikubwa hapa ni kulihamisha daftari la kila siku likiwa zima: Jumatatu nilifanya hiki, Jumanne nilifanya kile, Jumatano msimamizi alikuwa na safari ya kikazi. Daftari ni ushahidi, na mahali pake ni kwenye viambatisho. Katika ripoti yenyewe, shughuli zipangwe chini ya malengo yake, na kila shughuli ielezwe kwa namna ambayo mwenzako wa mwaka ujao angeweza kuirudia bila kukuuliza. Si lazima kila saa ya wiki nane ionekane; siku ulizotumwa kupanga mafaili zinaweza kupewa sentensi moja, tena ya heshima, kisha msomaji akapelekwa kwenye kazi iliyobeba lengo.

Mwanafunzi wetu aliandika kwamba kila Jumatatu asubuhi, kabla vilula havijafunguliwa, alisoma dira kuu ya kisimani, kisha akapita kwenye vilula vyote 12 kusoma dira zao. Akaeleza pia sababu ya kuchagua saa hiyo: ukisoma dira kuu asubuhi na dira za vilula jioni, maji yaliyouzwa mchana huo yanaingia upande mmoja tu wa hesabu, na tofauti unayoipata inakuwa ya saa, wala si ya maji. Aliandika vilevile kimo cha maji ndani ya tangi siku ya kwanza na siku ya mwisho. Tangi likiwa tupu mwanzoni na likijaa mwishoni, mita za ujazo 49 zitakuwa zimetoka kisimani bila kufika kwenye kilula chochote, na mtu asiyelitazama tangi angeziita upotevu. Katika kipimo chake, kimo kilikuwa karibu sawa siku zote mbili. Sentensi mbili kama hizo zinamwonyesha msahihishaji kwamba mwandishi alikuwa pale na alifikiri, jambo ambalo picha ya mtu aliyevaa kofia ngumu na kusimama kando ya pampu haliwezi kulionyesha.

Sasa matokeo, ambayo baadhi ya miongozo huyaweka ndani ya shughuli na mingine huyapa sura yake. Kwa wiki nne, dira kuu ilionyesha mita za ujazo 840, na jumla ya dira za vilula ilikuwa 630. Tofauti ni 210, yaani asilimia 25 ya maji yote yaliyosukumwa. Mwandishi mvivu angeishia hapo, akaandika kwamba robo ya maji inapotea kwa sababu ya uchakavu wa miundombinu, kisha akarukia kuomba bajeti. Lakini lengo lilisema kueleza sababu, na neno hilo lilimlazimisha kuendelea.

Alipozipanga namba za kila kilula wiki kwa wiki, aliona dira moja imesimama pale pale wiki ya tatu na ya nne, ilhali watu walikuwa wakiteka maji kama kawaida. Dira imekwama. Wiki mbili za kwanza kilula hicho kilikuwa kinatoa mita za ujazo 15 hivi kwa wiki, kwa hiyo takriban mita 30 za ile tofauti hazikupotea; zilifika kwa wananchi bila kuhesabiwa. Zikabaki 180, sawa na asilimia 21 hivi.

Kwa hizo 180 alifanya kipimo cha usiku. Jioni, pampu ikiwa imezimwa na vilula vyote vimefungwa, alipima kimo cha maji tangini, na saa nane baadaye akakipima tena. Maji yalikuwa yameshuka kwa sentimita 12. Tangi lina kipenyo cha mita 5, kwa hiyo eneo lake la duara ni mita za mraba 19.6, na kushuka huko ni sawa na lita 2,400 hivi zilizotoka bila mtu kufungua koki. Usiku uliofuata alifunga valvu ya kutokea tangini, na kimo hakikubadilika. Ndipo akajua kwamba tangi lenyewe halivuji na kwamba tatizo liko kwenye bomba. Ukiuchukulia uvujaji huo kuwa ni uleule mchana na usiku, unapata mita za ujazo 7 hivi kwa siku na karibu 200 kwa siku 28, kiasi kinachozidi kidogo zile 180 alizokuwa anazitafuta. Ziada hiyo nayo aliieleza vizuri: usiku hakuna anayeteka, presha ndani ya bomba inapanda, na tundu linatoa maji mengi kuliko mchana. Kisha akalifuata bomba kwa miguu, na mahali linapokatiza korongo akakuta udongo umelowa na majani mabichi yameota, katika mwezi wa Agosti ambao Dodoma yote imekauka.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa sababu sehemu mbili zilizobaki zinaishi kwa chakula cha sehemu hii.

Mambo yaliyojifunzwa ndiyo sura inayoandikwa vibaya kuliko zote, na nadhani chanzo chake ni kwamba wanafunzi wengi huchanganya kilichogunduliwa na kilichojifunzwa. Kwamba bomba linavuja korongoni ni ugunduzi. Ni habari ya skimu, na ingekuwa kweli hata kama mwanafunzi angebaki nyumbani. Jambo lililojifunzwa ni habari ya mwandishi mwenyewe: alikwenda akiwa anajua nini, kazi ikamwonyesha nini, na sasa angefanya nini tofauti. Mwanafunzi wetu angeweza kuandika hivi: darasani nilikuwa nimezoea kuuchukua upotevu wa maji kama asilimia moja inayoingizwa kwenye kanuni ya usanifu, kituoni nimejifunza kwamba asilimia hiyo huchanganya maji yaliyomwagika ardhini na maji yaliyofika kwa mtumiaji bila kuhesabiwa, na kwamba tiba zake ni mbili tofauti, kwa kuwa moja inahitaji fundi bomba na nyingine inahitaji dira mpya. Aya hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye ripoti ya mtu mwingine.

Linganisheni na sentensi ambayo mimi na wahadhiri wenzangu tumeisoma mpaka tunaikariri: nimejifunza kushirikiana na watu, kutunza muda na kufanya kazi chini ya shinikizo. Yawezekana ni kweli tupu, lakini kama ulijifunza kushirikiana na watu, tuonyeshe ni nani, na katika jambo gani. Wahudumu wa vilula, kwa mfano, hawakufurahi kumwona kijana wa chuo akisoma dira zao kila Jumatatu, kwa sababu walidhani anawachunguza makusanyo. Ikiwa mwanafunzi alilazimika kwenda kwanza kwa mwenyekiti wa chombo na kwa mtendaji wa kijiji, akaeleza kwamba anapima maji wala hapimi uaminifu wa mtu, na baada ya hapo milango ikafunguka, basi hilo ni somo la ushirikiano lenye uzito, na liandikwe kwa undani huo.

Suala hilo la wahudumu lina upande mwingine ambao lazima niutaje. Tofauti kati ya maji na fedha inapoonekana, ni rahisi sana kalamu kuteleza na kuandika kwamba kuna wizi. Vipimo vya mwanafunzi huyu havikugusa fedha hata kidogo, kwa hiyo hana haki ya kusema lolote kuhusu fedha. Vilula vipewe namba badala ya majina ya wahudumu, na takwimu za ofisi zitumike kwa idhini ya msimamizi. Ripoti yenu itakaa maktaba miaka mingi, na kijiji kidogo kinatambulika kwa maelezo machache tu.

Kabla ya mapendekezo, ripoti nzuri hutaja mipaka yake, na mipaka yenyewe iwe ya kazi, isiwe ya maisha. Kwamba posho ilichelewa na nauli ilipanda ni kweli inayouma, lakini haibadilishi usahihi wa namba zako. Kinachozibadilisha ni hiki: Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na vipimo vilifanyika Agosti. Masika watu huteka maji ya mvua na mabwawa madogo, mauzo ya vilula hushuka, huku tundu likiendelea kutoa maji wakati wote bomba lina presha. Asilimia ya upotevu mwezi Februari inaweza basi kuwa tofauti kabisa na ile 25, hata kama bomba halijaguswa. Mwandishi anayesema hivyo hajidhoofishi. Anamzuia msomaji asiizidishe kwa kumi na mbili namba ya mwezi mmoja wa kiangazi na kuiita hasara ya mwaka.

Sasa mapendekezo. Serikali iongeze bajeti ya maji: nani ataipokea sentensi hii, na Jumatatu ijayo atafanya nini nayo? Pendekezo linamhitaji mtu mwenye mamlaka ya kulitekeleza, kitendo kimoja kinachoeleweka, na matokeo ndani ya ripoti yanayolibeba. Katika mfano wetu yanatoka matatu, na kila moja lina mlango wake. Chombo cha watoa huduma, kwa uwezo wake chenyewe, kibadilishe dira iliyokwama, na kisome dira kuu na dira za vilula kwa pamoja asubuhi moja kila wiki, ili dira ikikwama tena ijulikane ndani ya siku saba. Ofisi ya maji ya wilaya, yenye mafundi na vifaa, ifukue bomba pale korongoni na kulikarabati kabla ya Desemba, kwa sababu korongo likianza kupitisha maji halifukuliki. Na baada ya ukarabati, kipimo cha usiku kirudiwe. Kimo kikiendelea kushuka, kuna tundu jingine. Pendekezo hili la tatu huwa linasahaulika, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu linampa mtekelezaji njia ya kujua kama ushauri ulikuwa sahihi.

Huenda mkauliza mbona hakuna pendekezo la kubadilisha bomba kuu lote. Ni kwa sababu kipimo hakikulithibitisha. Sehemu moja ilionekana kuvuja, na kiasi kinachovuja kinakaribia kiasi kilichotafutwa. Kuomba bomba jipya kutoka tangini hadi kijijini kungekuwa ni kuomba zaidi ya ushahidi. Mapendekezo kwa chuo nayo yafuate sheria hiyohiyo. Kama mwanafunzi alilazimika kujifunzia kituoni namna ya kufanya kipimo cha usiku, anaweza kupendekeza kiingizwe katika mazoezi ya maabara ya mwaka wa pili. Akisema tu kwamba muda wa mafunzo uongezwe, aonyeshe ni lengo gani lilikosa muda na lilikuwa limebakiza hatua gani.

Muhtasari, ingawa unakaa mbele, uandikwe mwisho, na uwe na namba ndani yake. Msomaji akute humo zile asilimia 25, dira iliyokwama na bomba la korongoni, wala si ahadi kwamba ripoti itajadili changamoto mbalimbali.

Nimalizie na nakala. Ripoti za vyuo vyetu vingi huandikwa kwa Kiingereza, na nakala zake hubaki chuoni na pengine moja kwenye kabati la msimamizi. Wajumbe wa chombo cha maji pale kijijini, ambao dira ni yao na umeme wanaulipa wao, hawataisoma. Kwa hiyo andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye jedwali la namba na mapendekezo yanayowahusu, mumwonyeshe kwanza msimamizi wa kituo ili ahakiki takwimu, kisha uwafikie kwa mkono wake au kwa mkono wa mtendaji wa kijiji. Kwa skimu ya mfano wetu, ukurasa huo ufike mapema Oktoba, wakati fundi bado ana wiki kadhaa za kufukua korongo kabla ya mvua.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nakaribisha maswali.